Damu ya miezi ya mwisho: kondo lililotangulia au kondo lililobanduka?

Mwanamke mwenye mimba ya wiki 34 anaamka saa tisa usiku kule Mbagala na kukuta shuka limelowa damu. Haumwi popote. Mwingine, mwenye mimba ya wiki hizo hizo, yuko Chanika. Yeye ana doa dogo tu kwenye khanga, ila tumbo limekaza na mgongo unamkata tangu alfajiri. Ukiwauliza ndugu nani awahishwe kwanza, karibu wote watamtaja yule wa Mbagala. Katika miaka yangu ya leba, aliyenitia hofu zaidi ni yule wa Chanika.

Wa kwanza huenda kondo lake limetangulia, yaani limejishika chini ya mfuko wa uzazi na kufunika mlango ambao mtoto angepitia. Wataalamu huita plasenta previa. Wa pili huenda kondo lake limebanduka: lilijishika mahali pake vizuri, lakini limeachia ukuta wa mfuko kabla mtoto hajazaliwa, na damu inajikusanya nyuma yake. Hilo huitwa abrapsheni. Yote mawili huleta damu baada ya wiki ya 28, na yote mawili yanaweza kumuua mama na mtoto, lakini yanatofautiana sana namna ya kuyatambua na namna ya kumzalisha mama. Naandika kwa ajili ya wakunga na manesi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, na kwa ajili ya familia inayokaa na mama huyu nyumbani, kwa sababu uamuzi wa kwanza huwa wao.

Vigezo nitakavyotumia ni vinne: damu inavyotoka, hali ya tumbo na ya mtoto, altrasaundi inachoweza na isichoweza kuonyesha, na mpango wa kujifungua. Cha tatu na cha nne nitakaa navyo zaidi, maana ndipo makosa mengi yanapotokea.

Lakini kuna jambo moja la kufanya kabla hujajua ni lipi kati ya hayo mawili. Mama anayetokwa damu baada ya wiki ya 28 asipimwe njia kwa kidole mpaka ijulikane kondo liko wapi. Kama limetangulia, kidole kinaweza kulichana na damu ikafunguka kama bomba. Muwekee kanula mbili nene, chukua damu ya kupima kundi na wingi wake, mlaze kwa ubavu wa kushoto, sikiliza mapigo ya mtoto, kisha mpeleke penye thieta na damu. Mengine yote yafanyike wakati safari inaandaliwa.

Damu inavyotoka

Kondo lililotangulia hutoa damu nyekundu, mbichi, bila maumivu. Mama anaweza kuwa amelala, amekaa anachambua mchele, au ametoka tu chooni. Sababu yake ni hii: kuelekea mwisho wa mimba sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi hunyooka na kuwa nyembamba, kondo halinyooki nayo, basi kingo zake zinaachia kidogo na mishipa inabaki wazi. Mara nyingi damu ya kwanza hukoma yenyewe, na hapo ndipo familia hujidanganya. Ile ya kwanza ni hodi. Ya pili au ya tatu inaweza kuja nyingi zaidi, na hakuna ajuaye ni lini. Uzuri wake, kama naweza kutumia neno hilo, ni kwamba damu yote inatoka nje. Unachokiona kwenye pedi na shuka ndicho kilichopotea. Pedi kubwa ya wodini iliyolowa chapa hubeba kama mililita 100, kwa hiyo unaweza kuhesabu.

Kondo lililobanduka halihesabiki hivyo. Damu huanzia nyuma ya kondo. Ikipata njia hupenya kati ya utando na ukuta wa mfuko hadi ikatokea ukeni, na mara nyingi huwa nyeusi nyeusi, na pengine yenye mabonge. Isipopata njia, hubaki ndani. Wapo akina mama ambao hawatoi hata tone nje, nao wamepoteza lita nzima au zaidi. Ndiyo maana kipimo chako hakiwezi kuwa pedi. Kipimo ni mama mwenyewe: mapigo yake, rangi ya viganja na kope zake, ubaridi wa miguu, mkojo unaotoka.

Mipaka ipo. Mwenye kondo lililotangulia anaweza kuanza uchungu, akawa na damu na maumivu kwa pamoja. Na lililobanduka kidogo pembeni linaweza kutoa damu kidogo bila maumivu makali. Damu peke yake inakuelekeza upande mmoja, lakini haikupi jibu.

Tumbo, mtoto, na nani hupatwa

Weka mkono juu ya tumbo, uuache hapo dakika chache. Kwa kondo lililotangulia tumbo ni laini, halimuumi, na vidole vyako vinazitambua sehemu za mtoto bila shida. Mara nyingi kichwa kiko juu, hakijashuka kwenye nyonga, kwa kuwa kondo limekalia nafasi yake. Au mtoto amelala mkingamo, au ametanguliza matako. Mapigo ya mtoto kwa kawaida ni mazuri, labda mama awe amepoteza damu nyingi sana.

Kwa lililobanduka tumbo linakaza na halilegei. Uchungu wa kawaida una vipindi, unakuja na kuondoka. Huu hauachii, na tumbo likishikwa mama anaushika mkono wako kukuzuia. Likiwa limebanduka sana tumbo huwa gumu kama ubao na hutampata mtoto kwa vidole. Kondo likiwa limejishika ukuta wa nyuma, maumivu huwa ya mgongo na tumbo linaweza kukudanganya kwa ulaini. Mapigo ya mtoto hushuka, au hayasikiki tena. Mtoto akiwa ameshafariki, chukulia kwamba nusu ya kondo au zaidi imeachia, na kwamba mama amepoteza damu nyingi kuliko unayoiona.

Kadi ya kliniki husaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Kovu la operesheni ya uzazi, mapacha, uzazi wa mara nyingi, umri mkubwa, au historia ya kondo kutangulia huko nyuma vinaelekeza upande wa kwanza. Presha ya juu au dalili za kifafa cha mimba, kondo kubanduka katika mimba iliyopita, chupa kupasuka mapema, kuanguka kwenye bodaboda au kupigwa tumboni vinaelekeza upande wa pili. La kupigwa, muulize mama akiwa peke yake. Mbele ya mume au wifi hatasema.

Kuna mtego mmoja wa presha ambao kila mkunga anapaswa kuujua. Mama aliyekuwa na presha 160/100 kliniki akija na 112/74, mkono wa haraka huandika "presha nzuri" na kuendelea. Siyo nzuri. Kwake hiyo imeanguka. Zaidi ya hapo, mjamzito ana damu nyingi mwilini, kwa hiyo presha yake huchelewa kushuka hata akipoteza lita moja. Mapigo ya moyo ndiyo hutangulia kupanda. Mapigo yakiikaribia au kuipita namba ya juu ya presha, mama yuko hatarini hata kama anaongea na wewe vizuri.

Altrasaundi

Kwa kondo lililotangulia altrasaundi ni shahidi mzuri. Kinachotafutwa ni umbali kati ya ukingo wa kondo na tundu la ndani la mlango wa kizazi. Kondo likiufunika mlango, limetangulia. Ukingo ukiwa chini ya milimita 20 kutoka mlangoni, kondo liko chini. Zaidi ya hapo halina neno kwa kujifungua kawaida.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana masharti. Kibofu kikijaa mkojo hukandamiza sehemu ya chini ya mfuko, kuta mbili zikagusana, na mlango ukaonekana kama uko juu kuliko ulipo. Mama anaambiwa kondo limetangulia, kumbe sivyo. Mwambie akojoe, apimwe tena. Kondo la ukuta wa nyuma nalo hufichwa na kivuli cha kichwa cha mtoto. Mashaka yakibaki, kipimo cha kupitia ukeni ndicho sahihi zaidi. Akina mama wengi hukiogopa, na nawaelewa, kwa sababu wamesikia kwamba hawatakiwi kuingiziwa kitu. Lakini kifaa kile hakigusi ndani ya mlango. Hukaa mbele yake, na kikifanywa taratibu na mtu anayekijua ni salama.

Jambo la pili ni muda. Mama anayeambiwa kwenye kipimo cha wiki 20 kwamba kondo liko chini asianze kulia. Wengi wao, kama tisa katika kila kumi, watakuta limepanda kufikia mwisho, maana mfuko unapokua sehemu ya chini hunyooka na ukingo ukaachana na mlango. Arudi apimwe wiki ya 32, na likiwa bado chini arudi tena wiki ya 36. Mwenye kovu la operesheni na kondo lililokaa mbele ana nafasi ndogo zaidi ya kulipata limepanda.

Huyo mwenye kovu ana swali la ziada ambalo lazima liulizwe kwa sauti: je, kondo limejizamisha kwenye misuli ya mfuko? Kati ya wenye kondo lililotangulia, aliyewahi kufanyiwa operesheni moja ana uwezekano wa kama 11 katika 100 wa kuwa nalo limezama. Aliyefanyiwa mbili, kama 40 katika 100. Kwenye picha, mstari mweusi mwembamba unaotenganisha kondo na misuli hupotea, na kondo huonekana limejaa matundu kama mkate wa kumimina. Ukiona hivyo, mama huyo hafanyiwi operesheni kwenye kituo cha afya. Anapelekwa Muhimbili au hospitali nyingine yenye mabingwa na benki ya damu, na anapelekwa mapema, kabla hajatokwa damu.

Sasa lililobanduka. Hapa altrasaundi ni shahidi ambaye huenda hakuona kitu. Damu mbichi kwenye picha ina rangi ileile ya kondo, kijivu kwa kijivu. Unachoweza kuona ni kondo lililonenepa kupita kawaida, au bonge lenye ukingo tofauti nyuma yake, na hilo likionekana, liamini. Lakini zaidi ya nusu ya mabandukaji hayaonekani kabisa. Ripoti iliyoandikwa "kondo liko juu, hakuna tatizo" imejibu nusu ya swali tu. Imesema halijatangulia. Haijasema halijabanduka, wala haiwezi kusema hivyo. Kubanduka hutambuliwa kwa mkono juu ya tumbo, kwa mapigo ya mama na kwa mapigo ya mtoto.

Mama wa Chanika

Nimwite Mama Tatu, jina la kubuni. Mimba ya tatu, wiki 34. Kadi yake ilionyesha presha 160/100 wiki mbili nyuma, na alikuwa akimeza methildopa. Maumivu yalimwanza saa kumi alfajiri. Saa mbili asubuhi mumewe alimpeleka mahali pa kupima karibu na kwao. Ripoti ikasema mtoto hai, kondo liko juu ukuta wa mbele, hakuna kasoro. Wakapewa vidonge vya maumivu, wakarudi nyumbani.

Walitufikia saa nane mchana, baada ya foleni ndefu. Nikamkuta ametulia kupita kiasi, mapigo 116, presha 112/74. Pedi haikujaa hata nusu. Mumewe akanionyesha karatasi. "Sista, kipimo kimesema yuko sawa, labda ni mgongo tu wa uchovu."

Nilichora mstari kwa kalamu kwenye kilele cha mfuko wa uzazi. Nusu saa baadaye kilele kilikuwa kimepanda juu ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Damu ilikuwa inajaa ndani. Tumbo halikulegea hata mara moja. Mapigo ya mtoto yalikuwa 96.

Ile ripoti ilitusaidia kwa jambo moja: kwa kuwa kondo lilikuwa juu, sasa tuliweza kupima njia. Mlango ulikuwa sentimita 3. Mtoto yuko hai, anachoka, na kujifungua kwa njia ya kawaida bado kuko mbali. Hapo mpango ni mmoja, operesheni ya dharura.

Wakati thieta inaandaliwa tukafanya kipimo ambacho hakihitaji maabara. Mililita 2 za damu ya mshipa kwenye kichupa cha kioo kikavu na kisafi, ukakishika ndani ya kiganja kilichofumbwa kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 unakiinamisha kuona kama damu imeganda, kisha unarudia kila dakika. Ikifika dakika 7 bila kuganda, au bonge likiwa laini na kuvunjika, ugandishaji wa damu umeharibika. Lake lilivunjika. Kondo linapobanduka hutumia viini vya kugandisha damu mpaka vinakwisha, na mama anaweza kutoka damu mpaka kwenye tundu la sindano. Kwa sababu hiyo daktari wa usingizi hakumchoma sindano ya mgongoni, alimlaza kabisa. Damu na plazma zikaanza kabla ya kisu.

Mtoto alitoka amelegea, akapumuliwa, akalia baada ya dakika kadhaa, kilo 2.1. Nyuma ya kondo kulikuwa na bonge lililojaza mikono yote miwili ya daktari, na mfuko wa uzazi ulikuwa na rangi ya zambarau, damu imeingia mpaka kwenye misuli. Mfuko wa namna hiyo huchelewa kujibana. Ilibidi oksitosini, misoprosto, traneksamiki asidi gramu 1 na chupa nne za damu ndipo tukapumua. Wote wawili walikwenda nyumbani.

Nimelisimulia hili kwa sababu ya zile saa sita kati ya ripoti na leba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyepima alijibu alichoulizwa. Ila hakuna aliyeweka mkono tumboni.

Mpango wa kujifungua

Kondo lililotangulia hukupa muda, mara nyingi. Damu ikikoma na mama na mtoto wakiwa salama, tunasubiri mtoto akomae. Asiyewahi kutokwa na damu hupangiwa operesheni kati ya wiki 36 na 37 hivi. Aliyetokwa na damu mara kwa mara huweza kuwahishwa kati ya wiki 34 na 36. Kabla ya wiki 34, kama kuna dalili kwamba atajifungua mapema, hupewa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 msulini kila saa 12 mara nne. Damu ikifunguka na isikome, hatusubiri wiki yoyote, anaingia thieta.

Kondo lililofunika mlango halina njia nyingine zaidi ya operesheni, hata mtoto akiwa amefariki. Hili familia nyingi hulikataa, na lazima lielezwe taratibu: mtoto hawezi kupita bila kulipasua kondo kwanza, na mama atamaliza damu. Kama ukingo uko kati ya milimita 11 na 20, mama na daktari wanaweza kukubaliana kujaribu njia ya kawaida, ila hospitalini, damu ikiwa tayari. Operesheni yenyewe ifanywe na mzoefu. Baada ya kondo kutoka, sehemu ya chini ya mfuko haina misuli minene ya kujibana, kwa hiyo damu inaweza kuendelea pale pale lilipokuwa kondo. Puto la kondomu na katheta liwepo mezani, na mama awe ameelezwa mapema kwamba ikishindikana kabisa mfuko unaweza kutolewa ili abaki hai. Nimeona wanaume wakiombwa ruhusa hiyo mlangoni mwa thieta saa nane usiku. Si mahali pa kulisikia kwa mara ya kwanza.

Kondo lililobanduka halikupi ratiba. Kinachoamua ni mambo mawili, hali ya mama na kama mtoto yu hai.

Mtoto akiwa hai na mapigo yake yameharibika, na kuzaa hakuko karibu, operesheni mara moja. Mtoto akiwa hai na mlango umefunguka kabisa, kuzalishwa kwa njia ya kawaida, kwa kusaidiwa na vakyumu ikibidi, kunaweza kuwa haraka kuliko thieta. Likiwa limebanduka kidogo tu, wiki hazijafika 34, mama imara na mtoto mzima, analazwa na kuangaliwa kwa karibu huku akipewa deksamethasoni, harudishwi nyumbani. Akishafika wiki 34 na kuendelea, na kubanduka ni kwa hakika, faida ya kusubiri huwa ndogo kuliko hatari yake.

Mtoto akiwa amefariki mpango unageuka, na hapa ndipo tofauti na lile la kwanza ilipo kubwa kuliko kote. Njia ya kawaida ndiyo salama zaidi kwa mama. Chupa inapasuliwa, oksitosini inawekwa kwenye dripu kama uchungu hautoshi, na mara nyingi huzaa haraka kuliko watu wanavyotarajia. Kumpasua mama ambaye damu yake haigandi, kwa ajili ya mtoto asiye hai, ni kumwongezea kidonda cha kutokea damu. Operesheni hubaki kwa yule ambaye hali yake inazidi kushuka au uchungu wake hauendelei. Ndugu husema, "Mtoeni basi upesi apumzike." Nami huwajibu, "Shemeji, tunamtoa, lakini kwa njia itakayomrudisha mama kwa watoto wake wengine." Wakati wote huo damu inaongezwa, na mkojo unapimwa kwa katheta, ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, figo zinakosa damu.

Kwa wote wawili, aliye na kundi hasi apewe sindano ya anti-D ndani ya saa 72. Na wote wawili wanaweza kutokwa damu nyingi tena baada ya kuzaa, kwa sababu tofauti: mmoja kwa sehemu ya chini isiyojibana, mwingine kwa damu isiyoganda na mfuko uliochoka.

Kulingana na hali yako

Umeambiwa kondo limetangulia, hujatokwa damu, au ilitoka kidogo ikakoma. Unaweza kuwa nyumbani kama unaishi karibu na hospitali yenye thieta, kuna mtu anayelala na wewe kila usiku, na usafiri uko mlangoni. Anayeishi Kigamboni asipange safari yake kwa kutegemea pantoni; ajue mapema atapita darajani kwa gari la nani, au wiki za mwisho ahamie kwa ndugu wa Ilala au Temeke. Tendo la ndoa liachwe. Ndugu wawili au watatu wakachangie damu kabla ya tarehe ya operesheni. Maneno "kondo limetangulia, asipimwe njia" yaandikwe kwa herufi kubwa mbele ya kadi, maana siku ya damu anaweza kupokelewa na mtu asiyemjua.

Umetokwa damu zaidi ya mara moja, au unaishi mbali, kama Bunju au Chanika, na usiku hakuna gari. Wodi ni bora kwako kuliko nyumbani, hata ukae wiki tatu. Najua gharama yake, na najua watoto wamebaki na bibi. Hata hivyo foleni ya jiji haisubiri damu ikome.

Wewe ni nesi wa zahanati, huna altrasaundi, na mama analoa damu bila maumivu, tumbo laini, kichwa kiko juu. Mchukulie kuwa kondo limetangulia mpaka ithibitike vinginevyo. Usipime njia. Piga simu hospitali ya rufaa, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, wajue anakuja na kundi lake la damu ni lipi.

Mama ana presha, tumbo limekaza, damu ni kidogo au hakuna. Mchukulie kuwa limebanduka. Usimtume kwanza kupima altrasaundi mtaani; kama ipo pale ulipo, itumie kujua kondo liko wapi na moyo wa mtoto unapiga, basi. Fanya kipimo cha kichupa huku gari linakuja, uandike saa uliyoanza na matokeo kwenye barua ya rufaa, na panda naye gari.

Hujui ni lipi, dalili zimechanganyika. Mambo ya mwanzo ni yale yale kwa yote mawili, na hayahitaji jina la ugonjwa: kanula mbili, damu ya kupima kundi, ubavu wa kushoto, mapigo ya mama kila dakika 15, na mikono isiingie njiani. Chora mstari kwenye kilele cha tumbo kabla hajaondoka, uandike saa pembeni yake, ili atakayempokea aone kama kilele kimepanda.